Jumla Sahihi ya Namba Zisizo Sahihi

Ukurasa wa 7 wa PDF. Mtihani wa moko, Hisabati, kidato cha nne. Swali la 11, kipengele (a): mwanafunzi ametengeneza jedwali la marudio, amekokotoa wastani, na chini ya kazi yake kuna wino mwekundu: namba 04 ndani ya duara. Kwenye jalada, katika jedwali la alama, mbele ya swali la 11 pameandikwa 4. Ukipiga jicho hivi, kila kitu kiko sawa.

Fungua ukurasa wa 8. Juu kabisa kuna histogramu, na pembeni yake duara dogo zaidi: 02½.

Hiyo ni 11(b). Haikufika kwenye jalada.

Jambo hili limenikaa kichwani kwa majuma kadhaa, na sababu yake si kwamba mwalimu alikosea. Sababu ni kwamba njia ambayo karibu kila mtu huitumia kuhakiki mtihani uliorudishwa, yaani kujumlisha upya zile namba za kwenye jalada, isingeliona kosa hili hata ikirudiwa mara kumi. Namba za jalada zilijumlishwa vizuri. Zilikuwa namba zisizo sahihi tu.

## Jumla tatu, si moja

Karatasi ya Hisabati ya kidato cha nne Tanzania ina maswali 14. Sehemu A ina maswali 10 ya alama 6 kila moja, sehemu B ina maswali 4 ya alama 10 kila moja, na jumla ni 100. Moko nyingi hufuata mpangilio huo huo.

Tunapenda kusema mwalimu "amejumlisha alama" kana kwamba ni tendo moja. Ni matendo matatu, na kila moja lina mahali pake pa kuteleza. Kwanza hujumlisha alama za hatua, zile tiki zenye 01 na ½ pembezoni mwa kazi, kupata alama za kipengele. Kisha hujumlisha vipengele, (a) na (b) na wakati mwingine (i) na (ii) ndani yake, kupata alama za swali. Mwisho hujumlisha maswali kwenye jalada. Katikati ya la pili na la tatu kuna kazi nyingine ambayo haihesabiwi kabisa kuwa ni hesabu: kunakili. Kutoa namba ndani ya kijitabu na kuipeleka mbele.

Mwenye darasa la wanafunzi 60, na maswali 14 yenye vipengele viwili kila moja, hushughulikia duara 1,680 kwa mtihani mmoja. Mara nyingi husahihisha swali moja kwa vijitabu vyote kabla ya kwenda linalofuata, kwa sababu mwongozo wa usahihishaji hukaa kichwani vizuri zaidi hivyo. Njia hiyo ni ya haki kwa wanafunzi, ila ina udhaifu wake: macho huishia pale jibu linapoonekana kuisha. Histogramu inahitaji nafasi, mwanafunzi anaruka hadi ukurasa mpya, na duara la (a) lililo mwisho wa ukurasa linachukua sura ya jumla ya swali zima.

Kwa hiyo ukihakiki, usianzie kwenye jalada. Anzia ndani, kwenye namba ndogo kuliko zote unazoweza kuzisoma, ukapande juu. Jalada lisubiri mpaka mwisho. Hata kulitazama mapema kuna madhara, kwa sababu ukishajua kwamba swali la 9 "lina 4", utaiona hiyo 4 hata pale isipokuwepo.

## Kabla ya kujumlisha, hakikisha unachosoma

Skani si karatasi. Inaweza kukuficha alama, na inaweza pia kukupa alama zisizokuwepo.

Adui wa kwanza ni hali ya nyeusi na nyeupe kwenye programu za kuskani za simu. Programu husafisha mandharinyuma ili maandishi yasomeke, na katika kusafisha huko wino mwekundu mwembamba huchakaa. Kinachopotea kwanza ni vitu vidogo. Mstari wa katikati wa ½ unapotea, na 2½ inabaki kuwa 2 ikifuatiwa na michoro isiyoeleweka, au inasomeka 21. Nukta ya 2.5 inapotea na kuacha 25. Hiyo 25 angalau inajulikana kuwa haiwezekani kwenye swali la alama 10. Ile 2 iliyopoteza nusu haijulikani, nayo ndiyo ya kuogopa.

Adui wa pili ni ukingo. Walimu wengi huandika alama kwenye pambizo ya kulia, na programu zinazokata picha zenyewe huweza kukata hapo hapo. Ukiona ukurasa ambao tiki zipo lakini duara halipo, usiandike sifuri. Andika kwamba ukingo umekatwa, uombe ukurasa ule upigwe tena.

Adui wa tatu ni kurasa zenyewe: moja iliyorukwa, mbili zilizobadilishana nafasi, moja iliyopigwa mara mbili. Linganisha idadi ya kurasa za PDF na idadi ya kurasa za kijitabu chenyewe, na upitie hadi ukurasa wa mwisho kabisa, hata kama kumi zilizotangulia ni tupu. Wanafunzi hurudi kumalizia maswali mwishoni mwa kijitabu, wakiandika kwa herufi ndogo "mwendelezo wa 13". Karatasi nyembamba nazo huleta tatizo lake, kwani wino wa upande wa pili huonekana. Duara linaloonekana kwa nyuma limegeuka kama kwenye kioo. Kama huna hakika, tazama upande wa pili wa karatasi kama kuna duara mahali pale pale.

Kama skani ni ya rangi lakini wino umefifia, kuna njia ya kuufufua. Wino mwekundu huakisi mwanga mwekundu, kwa hiyo kwenye mkondo mwekundu wa picha hukaribia kutoweka ndani ya weupe wa karatasi, ila kwenye mkondo wa kijani hutoka mweusi. Kwenye kompyuta yenye zana za kawaida za Linux, amri hizi mbili zinatosha:

```
pdftoppm -r 300 -png mtihani.pdf ukurasa
convert ukurasa-08.png -channel G -separate kijani-08.png
```

Ya kwanza inageuza kila ukurasa kuwa picha ya nukta 300 kwa inchi. Ya pili inatoa mkondo wa kijani peke yake. Asiye na kompyuta asihangaike: aombe ukurasa upigwe tena kwa rangi, mchana, karibu na dirisha, na utumwe WhatsApp kama faili, si kama picha. Ukitumwa kama picha unabanwa, na kinachoumia ni nusu zile zile.

Skani ya nyeusi na nyeupe haina mkondo wa kijani wa kutoa. Kilichofutwa humo kimefutwa.

## Duara si tiki

Hapa ndipo mhakiki mwenyewe hukosea, na hukosea kwa kujiamini.

Kwenye ukurasa mmoja kuna aina mbili za namba nyekundu. Kuna alama za hatua, zinazokaa karibu na mstari wa kazi zikiwa na tiki, na kuna jumla ya kipengele, ambayo kwa kawaida huzungushiwa duara au kupigiwa mstari chini. Jumla imekwishazibeba alama za hatua. Ukijumlisha kila namba nyekundu unayoiona utapata takribani mara mbili ya alama halisi, na kosa kubwa namna hiyo utaligundua. Hutagundua pale unapochanganya mara moja tu, kwenye kipengele kimoja, katikati ya kazi ndefu.

Ndiyo maana naamini kila kipengele kisomwe kwa hatua mbili tofauti. Kwanza jumlisha tiki, uandike pembeni. Halafu tazama duara. Zikilingana, chukua duara na uendelee. Zisipolingana, simama hapo hapo, usiendelee na kipengele kingine.

Kutolingana si lazima liwe kosa la kujumlisha. Mwalimu anaweza kuwa ameondoa nusu kwa sababu ya kutoandika vizio, na makato hayo ameyaandika kwa mstari mdogo tu. Anaweza kuwa amefuta tiki moja baada ya kusoma mwongozo upya. Kwenye skani, tiki iliyofutwa kwa kupigiwa mstari na tiki nzima hufanana sana. Vuta picha, itazame kwa karibu, na kama bado huna jibu, iandike kuwa ni swali la kumuuliza mwalimu. Isiwe kosa ulilolithibitisha.

Kuna mpaka mwingine wa kuulinda. Kama unaona hatua fulani ilistahili alama na haikupewa, hilo ni suala la usahihishaji, wala si la jumla. Vitu hivi viwili visikae kwenye karatasi moja. Bodi za mitihani za Uingereza zimevitenganisha kama huduma mbili: moja ni ya kuhakiki kwamba kurasa zote zimesahihishwa na alama zote zimehesabiwa na kunakiliwa sawasawa, nyingine ni ya kupitia upya hukumu ya msahihishaji. Nadhani huo ni mgawanyo wa busara hata kwa mzazi na mwalimu wa darasa. Suala la kwanza lina jibu moja ambalo watu wawili waaminifu watalifikia. La pili linaweza kuwa na majibu mawili, na ukiyachanganya, ubishi wa la pili utalimeza la kwanza.

## Karatasi nzima, mstari kwa mstari

Tuichukue hii karatasi ya moko hadi mwisho. Alama za vipengele, kama zinavyosomeka ndani, ni hizi. Za swali la 13(a) nimezikusanya: (i) ina 2 na (ii) ina 1.

| Swali | (a) | (b) | Ndani | Jalada |
|---|---|---|---|---|
| 1 | 3 | 2 | 5 | 5 |
| 2 | 3 | 1 | 4 | 4 |
| 3 | 1½ | 1 | 2½ | 2½ |
| 4 | 0 | 3 | 3 | 3 |
| 5 | 3 | 3 | 6 | 6 |
| 6 | 1 | 0 | 1 | 1 |
| 7 | 2 | 1½ | 3½ | 3½ |
| 8 | 2 | 0 | 2 | 2 |
| 9 | 2 | 1 | 3 | 4 |
| 10 | 0 | 0 | 0 | 0 |
| 11 | 4 | 2½ | 6½ | 4 |
| 12 | 3 | 0 | 3 | 3 |
| 13 | 3 | 2 | 5 | 5 |
| 14 | – | – | – | – |

Jumlisha safu ya jalada: 43. Na kwenye jalada mwalimu ameandika 43. Ukiishia hapa, utaufunga mtihani ukiridhika.

Sasa jumlisha ya ndani. Njia ninayoipendelea ni ya wahasibu: jumlisha kwa pande mbili. Shuka na safu ya (a) peke yake, utapata 27½. Shuka na safu ya (b), utapata 17. Ukiziunganisha ni 44½. Halafu shuka na safu ya "Ndani", ambayo ni jumla ya kila swali, nayo inatoa 44½. Pande mbili zikikubaliana, wewe mhakiki hukukosea kujumlisha. Zisipokubaliana, kosa ni lako, na huna haki bado ya kusema lolote kuhusu la mwalimu. Kumbuka tu kwamba njia hii inahakiki hesabu yako peke yake. Kama umesoma 1 badala ya 1½ kutoka kwenye skani, pande zote mbili zitakubaliana katika kosa hilo hilo.

Tofauti kati ya 44½ na 43 ni 1½.

Hapa kuna mtego uliofanya suala hili linisumbue zaidi. Mtu anayetafuta kosa kwa kuangalia tofauti ya jumla kuu ataanza kuwinda kipengele cha alama 1½ kilichosahaulika. Kwenye karatasi hii vipo viwili, 3(a) na 7(b), na vyote vimehesabiwa vizuri. Anaweza kutumia jioni nzima akizunguka hapo. Ukweli ni kwamba makosa ni mawili na yanavutana: swali la 11 limepoteza 2½, swali la 9 limeongezewa 1. Kama yangekuwa sawa kwa ukubwa, jumla kuu ingetoka sahihi kabisa juu ya maswali mawili yenye makosa.

Linganisha swali kwa swali. Jumla kuu hukwambia kwamba kuna tatizo, na wakati mwingine hata hilo haikwambii.

## Ukubwa wa tofauti unasema nini

Ukishafika kwenye swali lenyewe, tofauti huanza kuwa na maana.

Kwenye swali la 11 tofauti ni 2½, sawasawa na alama za kipengele (b). Tofauti inapolingana na kipengele kimoja kizima, kipengele hicho hakikubebwa, na kwa kawaida utakikuta kimevuka ukurasa. Hili ndilo kosa la kulitafuta kwanza kila mahali, hasa kwenye sehemu B ambako majibu ni marefu.

Swali la 9 ni gumu kidogo. Ndani kuna duara la 2 kwa (a) na duara la 1 kwa (b). Jalada linasema 4. Hakuna kipengele cha alama 1 cha ziada popote. Ukitazama tiki za (a), utakuta ½, ½ na 1, na hiyo 1 ya mwisho imeandikwa kubwa, chini ya mstari wa jibu, karibu kabisa na duara. Mwalimu aliijumlisha mara ya pili: 2 ya duara, 1 ya hatua ambayo imo tayari ndani ya duara, na 1 ya (b). Tofauti inapolingana na alama ya hatua, na si ya kipengele, tafuta namba iliyohesabiwa mara mbili.

Tofauti ya nusu tupu karibu kila mara ni ½ iliyosahaulika wakati wa kunakili, au iliyokufa kwenye skani yako. Kabla ya kumwambia mwalimu lolote kuhusu nusu, itazame karatasi halisi.

Kwenye jumla ya jalada lenyewe kuna tofauti mbili nyingine zinazojirudia. Ya 10 kamili huashiria kumi iliyobebwa kichwani ikasahaulika. Inayogawanyika kwa 9 huashiria tarakimu zilizobadilishana nafasi: 54 ikiandikwa 45 tofauti ni 9, 64 ikiandikwa 46 tofauti ni 18. Hii ya mwisho hutokea zaidi alama inapohamishwa kutoka jalada kwenda kwenye orodha ya darasa. Ni dalili tu, maana 9 inaweza pia kuwa swali zima la sehemu B lililorukwa, na kwa hiyo lazima urudi kwenye karatasi kuthibitisha.

Nalo swali la 14? Lina mstari, si sifuri. Mstari maana yake mwanafunzi hakujibu, na hilo lazima ulione kwa macho yako kwa kupitia kijitabu chote. Ukikuta kazi ya swali la 14 mahali fulani haina tiki, haina mkasi wala sifuri, basi haikusahihishwa, na huwezi kuipa alama wewe. Inarudi kwa mwalimu. Katika karatasi hii hakuna kazi yoyote ya swali la 14.

## Ukitumia Excel

Kwa mtihani mmoja, kalamu na karatasi vinatosha. Kwa darasa zima, jedwali la kompyuta linasaidia, ila lina tabia ambazo zitakuumiza kimyakimya usipozijua.

Weka kila kipengele kwenye mstari wake: safu A namba ya swali, B kipengele, C ukurasa wa PDF, D upeo wa alama, E alama iliyotolewa. Karatasi yetu ina vipengele 29, kwa hiyo inajaza mstari wa 2 hadi wa 30.

```
=SUM(D2:D30)
=COUNT(E2:E30)
=SUM(E2:E30)
=SUMIF(A2:A30,11,E2:E30)
```

Ya kwanza lazima itoe 100. Isipotoa 100, kuna kipengele hukukiorodhesha, au upeo wa alama umeusoma vibaya kwenye karatasi ya maswali. Watu huiruka hatua hii kwa sababu upeo hauhusiani na alama za mwanafunzi. Mimi nadhani ndiyo ya thamani kuliko zote, kwa kuwa ndiyo pekee inayoweza kukufichulia kipengele ambacho hukujua kuwa kipo. Safu hiyo hiyo inakuonyesha pia duara lililozidi upeo wake, kwa mfano 4 kwenye kipengele cha alama 3.

Ya pili inahesabu seli zenye namba. Hapa inatakiwa itoe 27, yaani vipengele 29 ukitoa viwili vya swali la 14 vyenye mstari. Na hapa ndipo nusu zinaponasa. Ukiandika 2½ kwa alama ile ya nusu kutoka kwenye kibodi ya simu, Excel huiona kuwa ni maandishi, na SUM huyapita maandishi bila kukuonya. Kwenye karatasi yetu kuna nusu tatu. Zikiandikwa hivyo zote, COUNT itatoa 24 na jumla itatoka 39, nayo itakaa pale kwenye skrini ikionekana halali kabisa. Ukiandika 1/2 peke yake, Excel huweza kuigeuza kuwa tarehe. Andika 0.5 na 2.5, na kama kompyuta yako imewekwa kutumia mkato badala ya nukta, andika 2,5, na kwenye SUMIF tenganisha kwa ; badala ya mkato. COUNT ikitoa 27, nusu zako zimeingia.

Ya nne inatoa jumla ya swali la 11 peke yake. Badilisha 11 kwa kila swali, uilinganishe na jalada.

Safu C, ya ukurasa, haiingii kwenye hesabu yoyote. Lakini bila hiyo mwalimu atalazimika kutafuta upya kila ulichokiona, na mtu mwenye vijitabu 60 mezani hana muda huo.

## Arobaini na tatu, arobaini na nne na nusu, arobaini na tano

Katika madaraja ya kidato cha nne, D ni 30 hadi 44, na C inaanzia 45. Karatasi hii imesimama mlangoni kabisa.

Ukipeleka kosa la swali la 11 peke yake, 43 inakuwa 45½. Hiyo ni C bila ubishi. Ukipeleka yote mawili, inakuwa 44½, na hapo daraja linategemea kanuni ya shule kuhusu nusu. Wapo wanaopandisha nusu mwishoni, ikawa 45. Wapo wanaoikata, ikawa 44. Wapo wanaopandisha nusu ndani ya kila swali kabla ya kujumlisha, na kwa kanuni hiyo maswali ya 3, 7 na 11 yangeongezeka nusu kila moja na jumla ingefika 46.

Nimelifikiria sana hili la kunyamaza kuhusu swali la 9. Hoja ya kunyamaza haikosi nguvu: mwalimu ndiye aliyekosea, mwanafunzi hakuiba, na nusu alama inaweza kumkosesha daraja kwa sababu isiyohusu uelewa wake wa hisabati. Lakini huwezi kumwomba mtu aamini hesabu yako ya swali la 11 huku umeficha hesabu yako ya swali la 9. Mwalimu makini akipokea ujumbe wako atapitia kijitabu chote, ataikuta ile 4, naye atajua kwamba nawe uliiona. Kuanzia hapo hata lile duara la ukurasa wa 8 litatazamwa kwa shaka.

Yapelekwe yote mawili, na nusu iulizwe kwa uwazi. Kanuni ya nusu iulizwe kama kanuni, kwamba kwa wanafunzi wote nusu ilipandishwa au ilikatwa. Iliyotumika kwa wengine ndiyo itumike hapa.

Ujumbe wenyewe uwe mfupi. Mwanafunzi anaweza kuandika hivi:

"Shikamoo Mwalimu. Naomba uniangalizie jumla ya karatasi yangu ya Hisabati. Swali la 11: (a) ni 4, ukurasa wa 7, na (b) ni 2½, ukurasa wa 8, kwenye jalada ni 4. Swali la 9: (a) ni 2 na (b) ni 1, zote ukurasa wa 6, kwenye jalada ni 4. Nikijumlisha vipengele vyote napata 44½, na kwenye jalada ni 43. Naomba pia kujua nusu inahesabiwaje. Nakuletea kijitabu chenyewe kesho. Ahsante."

Hakuna neno "umekosea", na halihitajiki. Namba za kurasa zinafanya kazi hiyo. Mzazi anaweza kuandika maneno hayo hayo, akianza na "Habari za kazi, Mwalimu".

Kijitabu chenyewe kiende, si skani peke yake. Mwalimu hawezi kubadilisha alama kwa kutazama picha ambayo yeye mwenyewe hakuipiga, na ana haki ya kuuona wino wake.

## Hatua inayosahaulika

Mwalimu akirekebisha, atakata namba kwenye jalada na kuandika mpya. Watu wengi hufurahi na kuondoka.

Jalada si mahali ambapo alama inaishi. Inaishi kwenye orodha ya darasa, na kutoka huko inaenda kwenye wastani, kwenye nafasi ya mwanafunzi, na kwenye ripoti ya mzazi. Kila mara inaponakiliwa kuna uwezekano wa ile 45 kuandikwa 54, au ya 43 ya zamani kubaki pale pale kwa sababu orodha ilishachapwa. Uliza kwa heshima kama orodha imebadilishwa, na ripoti ikitoka, tazama mstari wa Hisabati kwanza, kisha jumlisha masomo yote na ugawanye mwenyewe. Wastani ukiwa umepungua kiasi ambacho, ukikizidisha kwa idadi ya masomo, kinatoa tofauti kati ya alama mpya na ya zamani, basi mstari umerekebishwa lakini wastani ni wa kabla ya marekebisho. Hiyo nayo ni ya kumrudia mwalimu wa darasa, kwa ujumbe wa namna ile ile.